Nikae Ofisini Nipige Simu, au Niende Mbeya Nizunguke Madukani?

*Shikamoo Mama.*

*Mimi ni binti wa miaka 24. Nimemaliza stashahada ya usimamizi wa biashara mwaka jana na ninaishi na mama yangu Mbagala. Baada ya miezi saba ya kutafuta kazi nimepata mbili ndani ya wiki moja, na zote ni za mauzo.*

*Ya kwanza ni hapa Dar es Salaam, katika kampuni inayouza mfumo wa kompyuta wa kutunza hesabu za stoo kwa wenye maduka ya dawa na ya jumla. Nitakaa ofisini, nitapiga simu na kuwaonyesha wateja mfumo kupitia mtandao. Mshahara ni shilingi 700,000 na kamisheni ni 20,000 kwa kila mteja anayelipa. Lengo ni wateja 15 kwa mwezi.*

*Ya pili ni kwa msambazaji wa sabuni na mafuta ya kula aliyeko Mbeya. Nitapewa pikipiki na ruti ya Mbalizi, Mlowo na Vwawa. Mshahara ni 450,000, posho ni 15,000 kwa siku kwa siku 26, na kamisheni ni asilimia 1 ya makusanyo endapo nitafikia asilimia 80 ya lengo la milioni 40.*

*Mjomba amenipigia hesabu: Mbeya nitapata 1,240,000, Dar milioni moja. Anasema mauzo ya kweli yako barabarani, na kwamba kupiga simu ni kusumbua watu. Mama yangu anasema kazi ya ofisini ndiyo ya heshima kwa mtoto wa kike. Mimi ni mwongeaji na napenda watu, kwa hiyo naona kama barabara inanifaa, ila naogopa. Ofisini nako naogopa kuozea kwenye kiti. Natakiwa kujibu mwisho wa mwezi. Nisaidie, Mama.*

*Binti wa Mbagala*

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu mjomba wako amepiga hesabu yake kwa nia njema lakini amejumlisha vitu vitatu ambavyo havipaswi kukaa katika safu moja: mshahara, posho na kamisheni. Mimi mwenyewe nilianza na simu kwa miaka minne, kisha nikatoka barabarani na kukaa huko kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua kwa pande zote mbili. Uamuzi utabaki kuwa wako.

Tuanze na posho. Shilingi 390,000 kwa mwezi zinaonekana kama fedha, lakini afisa mauzo wa pikipiki anazimwaga njiani. Ukichoma lita mbili na nusu za petroli kwa siku, na tuseme lita ni 3,000, umekwisha kutumia 7,500. Chakula cha mchana na chai ni 4,000 nyingine, vocha ya simu 1,000, na kila baada ya siku chache kuna pancha, kuna kuosha pikipiki, kuna kubadilisha oili ikiwa msambazaji amekuachia jambo hilo mikononi mwako. Kinachobaki ni kidogo sana, na siku ya mvua hakuna kinachobaki. Waulize kama mafuta yako ndani ya posho au nje yake, kwa kuwa jibu la swali hilo moja linaweza kubadilisha hesabu yote. Kama yako ndani, usiihesabu posho kuwa kipato chako. Hesabu mshahara na kamisheni tu.

Sasa kamisheni, na hapa ndipo ninapokuomba usome polepole. Umeandika neno "makusanyo", na huenda uliliandika kwa sababu ndivyo lilivyo katika barua yao ya ajira. Makusanyo si mauzo. Wenye maduka wa ruti kama hiyo huchukua sehemu ya mzigo kwa mali kauli, yaani leo unashusha katoni na fedha unazifuata wiki ijayo au ile inayofuata. Tuseme mwezi wako wa kwanza umefanya kazi nzuri na umeuza mzigo wa milioni 40, lengo kamili. Katika hizo, milioni 9 bado ziko madukani siku ya kufunga mwezi. Makusanyo yako ni milioni 31. Asilimia 80 ya lengo ni milioni 32. Umepungukiwa milioni moja, na kwa utaratibu ulioueleza kamisheni yako haipungui kwa kiasi hicho, bali inakuwa sifuri. Mwezi huo unaondoka na 450,000, ilhali uliuza lengo lote.

Mwezi wa pili hali huwa nafuu, kwa kuwa madeni ya mwezi uliopita yanaingia katika makusanyo ya mwezi mpya. Ndiyo maana mwezi wa kwanza wa barabarani ndio unaowavunja moyo vijana wengi, wakadhani hawana kipaji, kumbe mtego ulikuwa katika mpangilio wa malipo. Uliza kama kuna kamisheni ya uhakika katika miezi mitatu ya mwanzo. Wapo wasambazaji wanaoikubali, lakini wengi hawaitaji mpaka waulizwe.

Lipo pia swali la madeni ya yule utakayerithi ruti yake. Mimi nilikabidhiwa ruti ya mwenzangu aliyeondoka, nikapewa orodha ya wadaiwa, nikatia saini bila kuzunguka duka hata moja. Nilipokwenda, maduka matatu yalisema yamekwisha kulipa na yakanionyesha risiti, na moja lilikuwa limefungwa tangu miezi mitano nyuma. Kwa saini yangu lile deni lilikuwa limekwisha kuwa langu. Usitie saini makabidhiano kabla ya kuzunguka na mtu wa kampuni duka kwa duka, na kila mwenye duka akiri kiasi anachodaiwa mbele yenu wote wawili. Ukiambiwa upungufu utakatwa katika mshahara, ujue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri akate tu anavyotaka. Upotevu unapaswa uwe umetokana na kosa lako, uelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, upewe nafasi ya kupinga, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wako.

Kwa upande wa simu, hesabu ya mjomba nayo ina pengo, maana imechukulia kwamba utawafikia wateja wote 15. Wakati nikifanya kazi hiyo nilikuwa na daftari la mistari, na kila jioni niliandika namba nne. Siku ya kawaida nilipiga simu 80. Zilizopokelewa zilikuwa kama 30. Walionisikiliza hadi nikamaliza walikuwa 10. Waliokubali kupangiwa muda wa kuonyeshwa bidhaa walikuwa wawili. Kwa siku 22 za kazi, hao ni 44, na kati ya kila wanne alilipa mmoja, basi mwezi ukanipa wateja 11. Kwa viwango vyako hiyo ingekuwa kamisheni ya 220,000, si 300,000. Namba zangu hazitakuwa zako, lakini zinakuonyesha kwamba lengo la 15 si la kulifikia kwa kukaa tu kitini. Uliza pia kama shilingi 20,000 inalipwa kuanzia mteja wa kwanza, na kama inarudishwa pale mteja anapoacha mfumo baada ya mwezi mmoja.

Nimekuandikia zile namba nne kwa sababu nyingine vilevile. Kwa mtu anayeanza, faida kubwa ya simu ni kwamba kosa lako linaonekana siku hiyohiyo, na linaonekana lilipo. Kama simu 80 zinapokelewa 12 tu, tatizo si maneno yako. Ama orodha ya namba ni mbovu ama unapiga saa mbaya, kwa sababu duka la dawa asubuhi lina foleni na mwenye duka la jumla asubuhi anapokea mzigo. Kama wengi wanapokea lakini wanakata baada ya sentensi mbili, tatizo ni ufunguzi wako. Na kama wanakubali kuonyeshwa mfumo, wanausifu, kisha hawalipi, mara nyingi ulikuwa unazungumza na muuzaji wa duka na si mwenye mali, na ulitakiwa kumuuliza hilo tangu mwanzo.

Kuna jambo moja nililojifunza kwenye simu ambalo sidhani barabara ingenifunza. Kila nilipotaja bei nilikuwa naendelea kuongea. Nilieleza, nikatetea, nikatoa punguzo kabla ya kuombwa. Msimamizi wangu alikuwa ananisikiliza kupitia hedifoni yake, na siku moja alinyanyuka, akaja kusimama pembeni ya meza yangu, akaandika kwenye karatasi neno moja: "Nyamaza." Nilitaja bei, nikanyamaza. Kulikuwa na kimya ambacho kilinitoa jasho, nikasikia upande wa pili mtu akipekua makaratasi, kisha yule mama akaniuliza kama anaweza kulipa kwa awamu mbili. Alikuwa anahesabu fedha zake tu, hakuwa amekataa. Ni mara ngapi kabla ya siku ile nilikuwa nimempa punguzo mtu aliyekuwa anahesabu tu?

Zingatia kwamba nilijifunza hilo kwa sababu kulikuwa na mtu anayenisikiliza. Basi ukienda kuwaona hao wa mfumo wa stoo, uliza nani atasikiliza simu zako na mara ngapi kwa wiki. Ukiambiwa simu zinarekodiwa lakini hakuna anayezisikiliza pamoja na wewe, nusu ya faida ya kazi hiyo imekwisha kuondoka. Uliza pia namba za wateja wanazitoa wapi, kwa maana tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kampuni haiwezi tu kuokota orodha ya namba za watu mahali popote na kukukabidhi wewe uwapigie.

Barabara nayo ina elimu yake, na hiyo huingia kwa macho. Nilikuwa na mteja katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, mama mwenye duka la rejareja aliyekuwa akinunua sabuni ya mche kila wiki, kisha akapunguza. Nilimpigia simu mara mbili, akanijibu kwa upole, "Bado ipo, mwanangu." Nilipofika dukani niliona kwenye meza yake ule ubao aliokuwa akikatia miche kuwa vipande, na pembeni kopo la rangi lililojaa mabaki ya sabuni iliyomeguka. Mzigo wetu ulikuwa umekaa ghalani ukakauka kupita kiasi, hivyo kila alipokata, pembe za kipande zilibomoka, na wateja wake walikuwa wanachagua vipande vizima vya sabuni ya kampuni nyingine. "Bado ipo" ilikuwa kweli kabisa: ilikuwepo kwa sababu hainunuliki. Niliirudisha ile iliyokauka na kumletea mpya, na ndani ya wiki mbili oda yake ikarudi ilivyokuwa. Kwenye simu hakunificha kitu, ila sikujua kuuliza habari za kukata.

Kwa hiyo sikubaliani na mjomba kwamba kimoja ni mauzo ya kweli na kingine ni usumbufu, ingawa namwelewa, kwa kuwa watu wa kizazi chetu walijifunza biashara kwa miguu. Tena siku hizi mpaka wenyewe umefifia: wa ofisini anamtembelea mteja mkubwa mara moja moja, na wa barabarani anapokea sehemu ya oda zake kwa simu akiwa bado hajafika.

Ninachopenda ukichunguze ni hilo neno "mwongeaji". Unalichukulia kuwa sifa inayokupeleka barabarani, nami nakuomba uligeuze na kuliangalia upande wa pili. Afisa mauzo wa ruti anaingia duka 30 au 35 kwa siku, na ndani ya duka ana dakika nane au kumi, mwenye duka anahudumia watu huku akimjibu. Muda wa kuongea haupo. Kazi kubwa ni kuhesabu kilichobaki rafuni, kuandika oda, kudai deni bila kuvunja undugu, na kurudi siku ileile ya wiki bila kukosa. Mwongeaji mara nyingi anakaa duka la tano nusu saa kwa sababu mwenyeji ni mcheshi, kisha maduka kumi ya mwisho wa ruti hayafikii. Kupenda watu kutakusaidia pande zote mbili. Kuongea sana kutakupa shida pande zote mbili, ila kwenye simu utagunduliwa mapema zaidi.

Hofu yako ya kuozea kwenye kiti si ya kupuuza, lakini kiti chenyewe si tatizo. Zipo ofisi ambazo kijana anapiga simu za kupanga miadi tu, kisha mteja anakabidhiwa mkubwa wake aende kufunga biashara. Ukikaa hapo miaka miwili unakuwa hodari wa sentensi tatu za mwanzo, na hujawahi kutaja bei wala kujadiliana. Wewe umeandika kwamba utawaonyesha wateja mfumo, jambo ambalo ni dalili njema, lakini uliza waziwazi nani anataja bei na nani anapokea malipo. Barabarani nako mtu anaoza, tena bila kuonekana, pale anapopewa ruti, akaachwa, na msimamizi akawa anamwona siku ya kufunga mwezi tu.

Kuhusu woga, niseme kama mwanamke aliyeendesha pikipiki. Barabara ya kutoka Mbeya kwenda Tunduma imejaa malori yanayokwenda Zambia na Congo, na mvua za huko zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au zaidi. Uliza kama watagharamia mafunzo na leseni ya pikipiki, kama pikipiki na mwendeshaji wote wana bima, na ruti inaisha saa ngapi. La muhimu zaidi kwangu lilikuwa fedha taslimu. Kama maduka yanalipa kwa Lipa Namba ya kampuni, unaendesha ukiwa na daftari tu. Kama unabeba makusanyo ya siku nzima kwenye begi, kila mtu wa ruti anajua umebeba nini na unapita saa ngapi. Msambazaji anayekwambia "tumezoea hivyo" amekwisha kukujibu. Fikiria pia majira: Mbozi, zilipo Mlowo na Vwawa, ni nchi ya kahawa na mahindi, na fedha huonekana madukani baada ya mavuno, ilhali miezi ya mwanzo wa mwaka huwa mikavu kifedha. Ukianza Januari kwa lengo lilelile la milioni 40, utakuwa unapanda mlima.

Mama yako anaogopa kukukosa na anaogopa barabara, na pengine neno "heshima" ndilo lililokuwa jepesi kulitamka. Kaa naye. Mwambie gharama pia, maana Mbagala unalala kwake, na Mbeya utalipa chumba, kitanda na jiko kutoka katika zile 450,000 kabla kamisheni ya kwanza haijaonekana. Hilo halimaanishi usiende. Ujuzi wa ruti unakufanya ujulikane na maduka 150 au 200 kwa jina, na msambazaji mwingine wa mkoa huo atakutafuta kwa ajili yao. Ujuzi wa simu haukufungi na mkoa wala bidhaa, lakini wateja wanabaki katika kompyuta ya kampuni siku unayoondoka. Ni mali mbili za aina tofauti, na mwenye kujua ipi unaihitaji katika umri wa miaka 24 ni wewe.

Kabla ya mwisho wa mwezi, omba kila mwajiri akuruhusu kukaa siku moja na mtu anayefanya kazi hiyo sasa. Ofisini, kaa karibu na mpiga simu wa kawaida, wala si yule bingwa wao, na uandike zile namba nne kuanzia asubuhi hadi jioni. Mbeya, panda nyuma ya pikipiki au kaa kwenye gari la mzigo, uhesabu maduka mliyoingia, yaliyonunua, yaliyolipa taslimu, na mangapi yaliwaambia mwenye duka hayupo huku feni ya ndani inazunguka na chai yake bado inatoa moshi mezani. Hayo ya mwisho ndiyo yanayodaiwa. Kama nauli ya Mbeya ni nzito kwa sasa, omba wakupe namba ya afisa wa ruti ya jirani, uzungumze naye jioni akiwa amekwisha kurudi nyumbani.

Na jioni ya kila siku hizo mbili, kabla hujazungumza na mjomba wala na mama, andika kwenye karatasi ni saa ngapi ulianza kutazama saa. Ukiniandikia tena, nitumie karatasi hizo mbili pamoja na ukurasa wa mkataba wenye neno "makusanyo", tuzisome pamoja.